Saba kati ya kumi: kwa nini jedwali lako linampa uongozi asiyestahili

*"Habari za kazi, mtaalamu. Ninaandika takwimu za ligi yetu ya mpira wa kikapu ya mtaani, timu tisa, kila moja inacheza mechi 16. Kuna zawadi ya mpiga pointi tatu bora, na kanuni inasema ni kwa asilimia. Anayeongoza ameingiza 7 kati ya mitupo 10, yaani asilimia 70. Anayemfuata ameingiza 34 kati ya 85, asilimia 40. Halafu kwenye msimamo kuna timu ya chuo iliyosimama kwa ajili ya mitihani: imeshinda 4, imepoteza 1, asilimia 80. Iliyo chini yake imeshinda 11 na kupoteza 4, asilimia 73. Kila nikibandika karatasi ukutani natukanwa. Nimekosea wapi?"*

Kwenye kugawanya hujakosea. Ulichokosea ni kuweka 70 na 40 kwenye safu moja kana kwamba zimepimwa kwa kipimo kimoja. Mpe kila mmoja mtupo mmoja zaidi, na wote wakose. Wa kwanza anakuwa na 7 kati ya 11, anaporomoka kutoka 70 hadi 63.6. Wa pili anakuwa na 34 kati ya 86, anatoka 40 hadi 39.5. Mtupo uleule, kikapu kilekile, lakini mmoja kapoteza zaidi ya sita na mwingine kapoteza nusu. Asilimia inayoyumba kiasi hicho kwa kosa moja haijakuambia mengi kuhusu mkono wa mchezaji. Imekuambia zaidi kuhusu jioni moja au mbili alizocheza.

Sasa tuone inayumba kiasi gani hasa. Chukua mchezaji ambaye uwezo wake wa kweli, ule ambao ungeuona kama angerusha maelfu ya mitupo, ni asilimia 35. Kwa ligi ya mtaani huyo ni mzuri, si wa ajabu. Mwache arushe mitupo kumikumi, mafungu mia moja. Hesabu ya uwezekano inasema hivi: katika mafungu kama 25 ataingiza mitatu, katika mengine 24 ataingiza minne, na katika 18 ataingiza miwili. Hapo ndipo alipo kweli. Lakini katika mafungu kama 15 ataingiza mitano, katika saba ataingiza sita, katika mengine saba ataingiza mmoja tu, na katika moja hataingiza hata mmoja. Yanabaki mafungu mawili au matatu ambayo ataingiza saba au zaidi. Mchezaji ni yuleyule, hajafanya mazoezi wala hajaumia. Ukimkuta kwenye fungu moja utamwita mfalme, ukimkuta kwenye jingine utamwambia akae benchi.

Utasema mafungu mawili na nusu katika mia ni machache, kwa hiyo huyu wa 7 kati ya 10 lazima ana kitu. Hapa ndipo wengi wanapotelea. Wewe hukumchagua mchezaji huyu kabla ya msimu ukasema, "Nitamwangalia huyu tu." Ulichukua orodha nzima, ukaipanga kutoka juu kwenda chini, kisha ukamtazama wa kwanza. Timu tisa zina wachezaji karibu mia, na tuseme 40 kati yao wamerusha mitupo kumi hivi ya pointi tatu. Tuseme pia wote 40 wana uwezo sawasawa wa asilimia 35, hakuna anayemzidi mwenzake hata kidogo. Uwezekano kwamba angalau mmoja wao atakuwa na saba au zaidi ni karibu asilimia 65. Kwa hiyo kwenye ligi isiyo na bingwa yeyote wa kutupa, mara mbili kati ya tatu jedwali lako litakuletea "bingwa" wa asilimia 70. Kupanga orodha ndiko kunakomzaa, kama vile ukirusha sarafu arobaini mara kumi kila moja utakavyopata moja iliyoangukia kichwa mara nane, na hakuna atakayeisifu sarafu.

Kuna njia rahisi ya kujua kama jedwali lako limeshikwa na ugonjwa huu. Usitazame juu tu, tazama na chini. Nina hakika mkiani kwako wapo wenye 0 kati ya 6 na 1 kati ya 9, na juu wapo wenye 3 kati ya 4 na 7 kati ya 10, huku wale waliorusha mitupo 60 na 80 wamejazana katikati, kati ya 25 na 40. Ukiona umbo hilo, yaani walioko juu kabisa na walioko chini kabisa wote ni watu wa mitupo michache, basi ncha zote mbili zimepangwa na bahati. Kama ustadi ndio ungekuwa umepanga jedwali, hao wa mitupo michache wangetawanyika sehemu zote.

Usidhani ni balaa la viwanja vya mtaani peke yake. Rekodi ya asilimia kubwa zaidi ya pointi tatu katika msimu mmoja wa NBA ni ya Kyle Korver, msimu wa 2009–10 akiwa Utah Jazz: asilimia 53.6. Korver ni mmoja wa watupaji safi kabisa waliowahi kucheza, hilo halina ubishi. Lakini tazama kilicho nyuma ya asilimia hiyo: mitupo 59 kati ya 110. Msimu huo hakucheza mechi zote, na kizingiti cha kuhesabiwa kwenye orodha wakati ule kilikuwa mitupo 55 iliyoingia. Alikivuka kwa mitupo minne. Msimu uliofuata, akiwa Chicago, alipiga asilimia 41.5, na kwa maisha yake yote ya NBA alimaliza na 42.9.

Tukimchukua kama mtu wa asilimia 42.9, uwezekano wa kuingiza 59 au zaidi kati ya 110 ni kama mmoja na nusu katika mia. Ni kidogo, lakini yeye mwenyewe alicheza misimu mingi, na watupaji wa kiwango kinachokaribia chake ni wengi katika miaka tangu NBA ilipoanza kuhesabu pointi tatu mwaka 1979. Lazima mmoja wao apate msimu wa namna hiyo. Sasa weka mitupo 400 badala ya 110, mkono uleule. Uwezekano wa kufikisha asilimia 53.6 hauzidi hata mara moja katika misimu 50,000. Ndiyo maana rekodi hiyo iko kwenye msimu wa mitupo 110 na si kwenye msimu wa mitupo 400. Rekodi za asilimia hupenda kukaa karibu na kizingiti, kwa sababu hapo ndipo bahati bado ina nafasi ya kucheza. Tangu msimu wa 2013–14 NBA imepandisha kizingiti hicho hadi mitupo 82 iliyoingia, yaani mmoja kwa kila mechi ya msimu. Kwa kizingiti cha leo, msimu ule wa Korver usingeingia kwenye orodha kabisa.

Kinachoendesha haya yote ni kitu kimoja, nacho kinafaa kukariri: mtikisiko wa asilimia hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mitupo, haupungui sambamba nayo. Ukitaka mtikisiko upungue nusu, unahitaji mitupo mara nne. Kwa mtupaji wa asilimia 35 hadi 40, mitupo 10 inaacha mtikisiko wa takriban 30 juu au chini. Mitupo 40 inaacha 15. Mitupo 85, kama ya huyo mchezaji wako wa pili, inaacha kama 10. Kwa hiyo hata yeye usimtangaze kwa sauti kubwa mno. Asilimia yake 40 inaweza kuwa ya mtu wa kweli wa 33 aliyebarikiwa msimu huu, au wa 47 aliyebanwa. Tofauti yake na mwenzake wa 70 ni kwamba yeye angalau tunaweza kuanza kumjadili.

Tuje kwenye tiba. Ya kwanza ni kizingiti. Ukichukua kipimo cha NBA cha mmoja kwa kila mechi, kwa ligi yenye mechi 16 kinakuwa mitupo 16 iliyoingia. Mwenye 34 anapita, mwenye 7 anabaki nje, kelele zinaisha. Ubaya wa kizingiti ni kwamba ni ukuta. Mwenye mitupo 15 iliyoingia kati ya 28 hahesabiwi kabisa, na mwenye 16 kati ya 45 ndiye anayepanda jukwaani. Na kama kizingiti hakikutangazwa kabla ya msimu, ukikiweka leo kila mtu ataona umekichonga kumtoa fulani.

Wenzetu wa besiboli ya Marekani wana ujanja wa kulainisha ukuta huo, nao naupenda kuliko kanuni nyingi ninazozijua. Zawadi ya mpigaji bora kule inamtaka mchezaji awe amekwenda kupiga angalau mara 502 katika msimu wa mechi 162. Mwaka 1996 Tony Gwynn wa San Diego alikuwa na wastani wa .353, mkubwa kuliko wa wote kwenye Ligi ya Taifa, lakini alikuwa amekwenda kupiga mara 498. Zilipungua nne. Badala ya kumfuta, kanuni inasema: muongezee hizo nne, na zote zihesabiwe kuwa amekosa. Alikuwa na mapigo 159 kati ya 451 (mara nyingine alipewa njia bila kupiga, hizo haziingii kwenye wastani). Ikawa 159 kati ya 455, yaani .349. Aliyemfuata, Ellis Burks, alikuwa na .344. Gwynn akachukua taji, na wastani wake ukabaki kuandikwa .353.

Jaribu kwako. Sema kizingiti ni mitupo 40 iliyorushwa. Mchezaji wako wa 7 kati ya 10 anaongezewa mitupo 30 ya kukosa: 7 kati ya 40, asilimia 17.5. Ametoka. Lakini angekuwa na 19 kati ya 36, angeongezewa minne tu: 19 kati ya 40, asilimia 47.5, na angemshinda mwenye 40 kihalali. Hakuna wa kulalamika hapo, kwa sababu umemhukumu kwa dhana mbaya kuliko zote na bado ameshinda. Angalizo: kizingiti kikiwa chini mno, ujanja huu hauna meno. Ukiweka 15, yule wa 7 anakuwa 7 kati ya 15, asilimia 46.7, na bado anaongoza.

Hiyo inatosha kwa zawadi. Lakini kocha akikuuliza, "Nani nimpe mpira sekunde ya mwisho?" hilo ni swali lingine. Zawadi inauliza nani amefanya. Kocha anauliza nani ataweza. Kwa kocha, kumdhania mtu kwamba angekosa mitupo yote asiyorusha ni ukatili usio na maana. Dhana ya haki ni kwamba kwenye mitupo ambayo hatujaiona, yeye ni mchezaji wa kawaida wa ligi hii.

Kwa hiyo jumlisha mitupo yote ya pointi tatu ya ligi nzima. Tuseme umepata asilimia 30. Mpe kila mchezaji, mwenye mitupo mingi na mwenye michache, mitupo 100 ya kubuni yenye asilimia hiyo: 30 imeingia, 70 imekosa. Changanya na yake ya kweli. Mwenye 7 kati ya 10 anakuwa na 37 kati ya 110, asilimia 33.6. Mwenye 34 kati ya 85 anakuwa na 64 kati ya 185, asilimia 34.6. Kumbe wako karibu, na wa pili ametangulia kidogo. Na usifikiri njia hii inawapendelea tu wanaorusha sana: mwenye 20 kati ya 40 angepata 50 kati ya 140, asilimia 35.7, akawapita wote wawili. Kama unaandika kwenye Eksel, mitupo iliyoingia ikiwa safu ya B na iliyorushwa safu ya C, fomula ni moja:

```
=(B2+30)/(C2+100)
```

Utaniuliza hiyo 100 nimeitoa wapi, na una haki. Ndiyo sehemu ambayo watu huiiga bila kuielewa. Namba hiyo inategemea wachezaji wa ligi yako wanatofautiana kweli kiasi gani. Kama wote wanalingana uwezo, iwe kubwa, kwa maana tofauti unazoziona ni bahati. Kama kuna mafundi na wengine hawajui kushika mpira, iwe ndogo. Karatasi zako za alama zinaweza kukupa jibu bila hesabu ngumu. Gawa msimu nusu mbili. Chukua wachezaji waliorusha kama mitupo 40 nusu ya kwanza na waliokuwa juu ya wastani, kisha uone nusu ya pili walifanyaje. Sema kundi hilo lilikuwa juu ya wastani kwa 10 nusu ya kwanza, na nusu ya pili limebaki juu kwa 3 tu. Maana yake katika kila 10 ulizoziona, 3 zilikuwa ustadi na 7 zilikuwa bahati. Mitupo 40 imestahili kuaminiwa kwa asilimia 30, na namba inayotoa uzito huo ni 93, kwa sababu 40 ukigawa kwa 133 unapata 0.3. Ukiandika 90 au 100 hakuna atakayeumia. Kama ligi yako ina wachezaji wachache mno kufanya hivi, unganisha misimu miwili.

Jambo hili halitibu kila kitu. Mitupo haifanani. Yule wa 7 kati ya 10 huenda anarusha pale tu anapoachwa peke yake kwenye kona, na yule wa 85 ndiye anayepewa mpira timu ikikwama, mtu akiwa amemsimamia usoni. Hapo asilimia ingepotoka hata kama wote wawili wangerusha mitupo elfu, na hakuna fomula itakayokuambia hilo. Itabidi uandike ilikuwa mitupo ya namna gani. Mimi kwenye karatasi huweka nukta pembeni ya kila mtupo uliorushwa bila mlinzi karibu. Ni kazi ya kalamu tu.

Kabla sijaenda kwenye timu, niulize: asilimia ya msimu unaipataje? Nimewahi kurithi daftari la mwandishi mwenzangu ambaye alikuwa akitafuta asilimia ya kila mechi, kisha akazijumlisha na kugawa kwa idadi ya mechi. Mchezaji aliyeingiza 1 kati ya 1 leo na 2 kati ya 9 kesho alikuwa akiandikiwa 100 na 22, wastani 61. Ukweli ni 3 kati ya 10, asilimia 30. Mechi ya mtupo mmoja ilipewa uzito sawa na mechi ya mitupo tisa. Hata baada ya msimu mrefu, kosa hilo linaendelea kukuza mitupo michache, na mtu akitazama jumla ya mitupo 80 chini ya ukurasa anaamini kila kitu kiko sawa. Jumlisha iliyoingia yote, jumlisha iliyorushwa yote, ndipo ugawe mara moja.

Sasa msimamo. Ugonjwa ni uleule, ila kwa timu tuna bahati moja: wastani wa ligi hatuhitaji kuutafuta. Kikapu hakina sare, kila ushindi ni kipigo cha mwingine, kwa hiyo wastani wa ligi nzima ni asilimia 50 daima. Timu ya kawaida kabisa, ya nusu kwa nusu, ina uwezekano wa karibu asilimia 19 wa kushinda mechi nne au zote katika tano. Hiyo ni karibu mara moja katika tano. Uwezekano wa timu hiyohiyo kushinda 11 au zaidi katika 15 ni kama asilimia 6. Kwa hiyo 73 ya mechi 15 ni ushahidi mzito kuliko 80 ya mechi tano.

Tumia dawa ileile kwa kipimo kidogo, maana timu za kikapu hutofautiana zaidi kuliko watupaji. Kwa ligi kama yenu ningeongeza mechi 10: tano za kushinda na tano za kupoteza. Chuo kinakuwa na 9 kati ya 15, asilimia 60. Wale wa 11 na 4 wanakuwa na 16 kati ya 25, asilimia 64. Wamepishana nafasi.

Lakini tafadhali usiubandike ukutani huo kama msimamo rasmi! Msimamo ni kanuni. Ukianza kuwapa watu vipigo vya kubuni watavunja meza. Uweke kwako, kwa ajili ya wanaotaka kujua nani ana timu kweli.

Kwa msimamo rasmi kuna mtego pande zote mbili. Kanuni za FIBA hazitumii asilimia. Zinatoa pointi 2 kwa kushinda, 1 kwa kupoteza, na 0 kwa asiyefika uwanjani. Kila timu ikiwa imecheza mechi sawa, utaratibu huo hauna dosari. Katikati ya msimu, mechi zikiwa hazilingani, tazama kinachotokea: wenye 11 na 4 wana pointi 26, chuo kina pointi 9. Timu iliyoshinda mechi 2 na kupoteza 13 ingekuwa na pointi 17, ingekaa juu ya chuo kilichopoteza mechi moja tu. Asilimia inampendelea aliyecheza kidogo na kubahatisha. Pointi zinampendelea aliyecheza sana, hata akiwa mbovu. Ndiyo sababu unatukanwa, ndugu yangu, na ungetukanwa hata ukibadilisha.

NBA nayo ilikumbana na mechi zisizolingana mwaka 2020. Ligi ilisimama Machi kwa sababu ya korona, ikarudi Julai karibu na Orlando ikiwa na timu 22, kila moja ikacheza mechi nane za kumalizia. Kwa kuwa zilipositishwa hazikuwa zimecheza idadi moja, zilimaliza zikiwa na mechi kati ya 71 na 75, na nafasi zikapangwa kwa asilimia ya ushindi. Portland ilimaliza na 35 kwa 39, Memphis 34 kwa 39. Asilimia 47.3 dhidi ya 46.6, na Portland ikawa ya nane kwenye kanda yao, nafasi ya mwisho ya kuingia mtoano, kwa sababu ilicheza na kushinda mechi moja zaidi. Ligi haikujifanya kwamba pengo hilo lina maana kubwa. Ilikuwa imeshaweka kanuni kwamba wa nane na wa tisa wakiwa wamekaribiana, wakutane uwanjani. Wakakutana, Portland ikashinda 126 kwa 122. Asilimia iliwafaa kwa sababu 73 na 74 ni karibu sawa. Kwa 5 na 15 isingefaa hata wao.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako, timu iliyocheza chini ya nusu ya mechi za wenzake iandike chini ya mstari, bila namba ya nafasi, ikiwa na ushindi wake na vipigo vyake kama vilivyo. Ikifikisha nusu, ipandishe. Chuo kitarudi kutoka kwenye mitihani yake kikiwa hakijanyang'anywa kitu, na wenye 11 hawataona wamepitwa na timu iliyocheza wikiendi tatu.

Kuna kipimo kingine cha timu ambacho kwa mechi chache kina habari zaidi kuliko ushindi wenyewe, nacho ni tofauti ya pointi kwa mechi. Ushindi wa pointi moja na ushindi wa pointi thelathini vyote vinaandikwa 1, ilhali ule wa pointi moja ungeweza kugeuka kwa mtupo mmoja. Kama chuo kimeshinda zile nne kwa pointi 2, 1, 3 na 2, na kupoteza moja kwa 22, basi kina jumla ya pungufu ya pointi 14 katika mechi tano, na asilimia 80 yake ni nyumba ya makuti upepo ukivuma. Kama kimeshinda kwa 18, 25, 14 na 20, hao waogope. Toa kwanza ushindi wa mezani, ule wa 20 kwa 0 ambao mpinzani hakufika, kwa sababu hauna mpira ndani yake. Na angalia wamecheza na nani: mechi tano zinaweza kuwa zote dhidi ya timu tatu za mkiani, jambo ambalo kwenye mechi 15 haliwezekani kwa ligi ya timu tisa.

Kuhusu zawadi ya msimu huu, kanuni haikuweka kizingiti, na mwenye 7 kati ya 10 hajavunja sheria yoyote. Nenda kwa viongozi wa ligi leo, mechi zikiwa bado zipo, upendekeze kanuni ya kuongezewa mitupo ya kukosa hadi 40, na itangazwe kwa timu zote kwa maandishi. Huyo wa 10 bado ana muda wa kurusha. Kwenye karatasi ya ukutani, kuanzia kesho, andika mitupo kwanza na asilimia baadaye: "7/10", kisha 70, "34/85", kisha 40. Macho ya watu husoma kushoto kwenda kulia, na ukianza na 70 hakuna atakayefika kwenye 10.